Wakuu, barua ya kuwajibu waliokosa kazi niiandikeje?

Mtu wa Stoo: Wakuu, tumesaili watano nafasi ya mtunza stoo, mmoja kapata. Bosi anataka wanne waliobaki niwaandikie leo. Nimeandika hivi, ila roho inasita:

"Tunasikitika kukujulisha kuwa kwa sasa hatutaendelea nawe. Taarifa zako zimehifadhiwa kwenye kanzidata yetu, tutakutafuta nafasi ikipatikana."

Mama Chapati: Afadhali wewe unaandika. Mimi nilisailiwa Machi, mpaka leo simu ikiita naacha chapati inaungua.

Mzee Kigoda: Sababu usitaje kabisa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamlinda hata mwombaji dhidi ya ubaguzi. Watakuburuza.

Karani Mstaafu: Mzee, inakataza ubaguzi, haikatazi kusema ulihitaji mtu mwenye uzoefu fulani, mradi iwe kweli. Mleta mada, "kwa sasa" itoe, maana aliyekosa anaisoma "subiri". Hiyo kanzidata ipo?

Mtu wa Stoo: Ni faili kabatini.

Karani Mstaafu: Basi itoe nayo. Anza na jibu lenyewe:

"Ndugu Fulani, nafasi ya mtunza stoo uliyosailiwa tarehe 12 amepewa mwombaji mwingine. Tulihitaji aliyewahi kutunza bidhaa za kugandishwa, na hilo ndilo lililoamua. Maelezo yako ya kuhesabu mali bila kufunga stoo yalitupendeza. Usaili huu tumeufunga. Ahsante kwa kuja mara mbili."

Kila mtu barua yake. Pale pa sifa, kama huna jambo mlilolisikia kweli siku ile, paache. Na usitume kabla aliyechaguliwa hajasaini mkataba. Kasaini?

Mtu wa Stoo: Bado. Halafu kuna kitu sikusema. Yule wa pili nilimpigia nikamwambia ajiandae. Kumbe kaenda kutoa notisi kazini kwake. Lakini sikumwambia amepata! "Jiandae" ni neno tu.

Bwana Kijiwe: Kama "nimeshafika" ya bodaboda ambaye hata hajavaa viatu.

Karani Mstaafu: Huyo barua haimfai. Mpigie leo, mweleze ni wa pili na wa kwanza hajasaini, ili amwombe mwajiri wake kuiondoa notisi. Wanaweza kumkatalia, lakini ajaribu angali bado yumo.

Jicho Kali: Hii chai. Juu umesema mmoja kapata, sasa hajasaini. Wa pili ni wewe mwenyewe, unapima kama utaitwa.

Mama Chapati: Kama ni yeye, pole mwanangu. Mie hata sijui nilikuwa wa ngapi.

Mtu wa Stoo: Kapata maana yake kachaguliwa, acheni hizo. Barua nitarekebisha. Simu nitapiga Jumatatu, wa kwanza akishasaini, pengine hata haitahitajika.

Karani Mstaafu: Notisi ya huyo kijana inaisha lini?

Mtu wa Stoo: Ijumaa hii.