Gumzo la kikundi: Ukoo wa Jinja, picha ya duka la Nuru

Nuru: Asalam aleikum ukoo. Duka tunafungua Jumamosi inshallah, nataka nitoe tangazo lenye picha ya ndani, vitabu vimejaa kwenye rafu, zile taa za kuning'inia zinawaka, watu wanapekua vitabu. Ebu oneni hii nimepiga sa hii saa nane

Nuru: 📷 Picha

Nuru: globu zimekuwa nyeupe tu hazina umbo, mlango umeungua kwa jua, rafu za nyuma giza. Na simu yenyewe si mbaya jamani

Anko Rajabu: Waleikum salaam. Washa taa zote mwanangu na flashi juu. Picha ni mwanga, basi

Mama Mdogo Hawa: Hizo taa za kamba nimezipenda bambi, ni shilingi ngapi moja, nataka mbili za sebuleni

Nuru: Mama Mdogo ntakwambia, kwanza picha 😅

Shafiki: Anko yuko nusu sawa, mwanga ukiwa mdogo simu inaweka vidotidoti. Lakini Nuru iangalie vizuri hiyo picha. Dari ina tyubu nyeupe zinawaka, chini yake globu za njano, halafu mlangoni jua la mchana ambalo kwa kamera lina ubluu. Rangi tatu chumba kimoja. Simu inaweza kusawazisha moja tu zingine zinaharibika, ndo maana ukuta wa kushoto umekuwa wa kijanikijani na sakafu ya mlangoni ni bluu. Zima tyubu zote. Acha za kuning'inia peke yake

Shafiki: Na flashi hapana kabisa. Yale majalada yanayong'aa yatarudisha mwanga usoni mwako, na ya simu inafika mita chache tu, rafu ya mbele itakuwa nyeupe ya nyuma giza vilevile

Anko Rajabu: Sasa ukizima tyubu si ndo giza linazidi?? Sielewi

Shafiki: Ndo maana asipige saa nane Anko. Jinja jua linazama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja na kidogo mwaka mzima, sisi wa ikweta hatuna jioni ndefu. Jua likishazama kuna dakika kama 20 nje bado kuna ubluu kidogo, hapo mlango hauungui tena na taa za ndani ndo zinatawala. Ukichelewa mlango unakuwa shimo jeusi. Kwa hiyo kila kitu kiwe tayari kabla ya hapo, usianze kupanga vitabu saa hiyo

Nuru: sawa, na globu zenyewe zisiwe nyeupe nafanyaje

Shafiki: Gusa kwenye globu iliyo karibu na ushikilie kidole mpaka uone AE/AF LOCK au kufuli, inategemea simu. Halafu vuta kale kajua ka kwenye skrini chini mpaka uone umbo la globu, kisha pandisha kidogo mpaka vitabu vya nyuma uone rangi zao. Kati ya hivyo viwili uchague, huwezi kupata vyote kamili. Ukikosea bora ukosee upande wa giza, giza unaweza kuliinua baadaye lakini palipokuwa peupe kabisa hakuna kitu tena cha kurudisha

Shafiki: Boksi la globu limeandikwa K ngapi, ile namba ya rangi ya mwanga?

Nuru: 2700K

Shafiki: Haya. Ikijiseti yenyewe simu inajitahidi kuondoa unjano, na wewe unjano ndo unautaka. Ingia Pro kwenye kamera, pale WB pa kusawazisha rangi usiweke 2700, ukiweka hiyo kila kitu kinatoka cheupe kama ofisi. Weka 3500 hivi. Ukipita 4000 watu wanakuwa rangi ya chungwa, kwa hiyo angalia nyuso si ukuta

Nuru: kuna shida ingine. Mzigo wa Kampala haujafika wote, rafu ya kulia ina mapengo na rafu mbili za chini hazina kitu

Shemeji Okello: Hapo nipo mimi, nimepanga supamaketi miaka. Vitabu vyote vilete mpaka ukingoni mwa rafu, usivisukume ndani, ukivisukuma kivuli kinaingia juu yake na rafu inaonekana tupu hata kama imejaa. Penye pengo geuza kitabu jalada liangalie mbele, kimoja kinakula nafasi ya vitano sita. Rafu za chini zijaze kwa vitabu vya stoo na vya ile kona ambayo kamera haioni

Shafiki: Na usimame kona si katikati. Ukiiangalia rafu kwa upande mapengo yanafichana. Simu ishike usawa wa kifua na wima kabisa, ukiinamisha rafu zinalala kama zinaanguka. Ile lenzi pana ya 0.5 achana nayo, watu wa pembeni inawavuta

Anti Zubeda: lakini hiyo si uongo? Mtu atakuja Jumamosi akute kona tupu

Shemeji Okello: Jumamosi mzigo utakuwa umefika Anti

Anti Zubeda: Umeme na barabara vya kwetu unavijua Okello. Mi nasema tu

Nuru: watu nao? Hatujafungua wateja natoa wapi

Mama Mdogo Hawa: Mi nakuja na gomesi yangu ya zambarau 💜 Nilete na watoto wa jirani wanakaa vizuri sana

Shafiki: Mama Mdogo karibu, ila watoto mama yao akubali kwanza, aone na picha yenyewe kabla haijatoka. Sheria ya data ya 2019 inataka ruhusa ya mzazi, na hata bila sheria ni adabu tu. Watu watatu wanne wanatosha, wasiangalie kamera, mmoja awe na kitabu wazi chini ya taa mwanga umguse uso

Nuru: 📷 Picha (18:58)

Nuru: Shafiki!! Rangi imekuja poa lakini kuna mistari myeusi inakatiza picha nzima

Shafiki: Ni globu za bei rahisi hizo, zinapepesa. Umeme wetu ni 50 Hz kwa hiyo zinapepesa mara 100 kwa sekunde, jicho halioni kamera inaona. Kwenye Pro pale S, kasi ya kupiga, umeweka ngapi

Nuru: 1/320

Shafiki: Weka 1/100, mistari itaisha. Ikiwa giza shuka 1/50 lakini hapo waambie wasimame kimya, mtu akigeuza ukurasa mkono utafutika. Fanya haraka nje kunazima

Mama Mdogo Hawa: nimesimama kimya mpaka miguu inauma nyie

Nuru: 📷 Picha (19:06)

Nuru: MMEIONA

Shemeji Okello: Hapo sasa. Hata majina ya vitabu vya kemia nasoma

Anko Rajabu: Ni nzuri lakini kwangu bado giza giza. Dari yote nyeusi

Shafiki: Hiyo dari ndo pa kuandika tarehe na saa Anko. Nuru andika kwa rangi ya krimu, usiandike juu ya globu maandishi hayatasomeka

Anti Zubeda: Nuru usitume kwenye magrupu kama picha ya kawaida. Mi ya saluni yangu ilipita mikono minne ikafika Mbale namba ya simu haisomeki, watu wanapiga namba ya mtu mwingine wanamuuliza bei ya kusuka. Tuma kama dokumenti

Shafiki: Kwa wale watakaoifowadi sawa, Anti kasema kweli. Ila stetasi haipokei dokumenti, huko chagua HD. Namba ya simu iandike kubwa na uirudie kwenye maelezo chini

Nuru: sawa. Na niandike "wateja wetu" au niache?

Anti Zubeda: Andika karibuni. Wateja bado

Shemeji Okello: Aaah Anti, Mama Mdogo kanunua kitabu nimemuona

Mama Mdogo Hawa: Nimekopa 😂