Shimo la barabarani limenivunjia gari, naomba ushauri kuhusu kudai fidia Tanzania

Habari zenu ndugu. Wiki tatu zilizopita, saa mbili usiku, mvua ikinyesha, niliingia kwenye shimo lililojaa maji katikati ya lami. Tairi la mbele lilipasuka, rimu ikapinda, shokapu ikavunjika. Fundi amenitoza 480,000, na bima yangu ni ile ndogo, hainilipi chochote.

Nina picha za shimo nililolipima kwa futi ya fundi (kina sentimita 19), risiti, na taarifa ya trafiki. Kinachoniumiza ni kwamba wakazi wa pale wana nakala ya barua waliyoupelekea wakala wa barabara kulalamikia shimo hilohilo miezi miwili kabla, ikiwa na muhuri wa kupokelewa. Naona huo ndio ushahidi wangu mkubwa, maana walijua na hawakuweka hata kibao cha tahadhari.

Nimeelezwa kuwa lazima kwanza nitoe notisi ya siku 90 inayoeleza msingi wa dai, nakala iende kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, kisha nimuunganishe kwenye kesi, la sivyo itatupwa. Tena kesi inafunguliwa Mahakama Kuu! Kwa 480,000, wakili pekee atazimaliza.

Kuna aliyewahi kulipwa ndani ya zile siku 90 bila kufika mahakamani? Notisi aliiandika mwenyewe au kupitia wakili? Muda wa kudai ni miaka mitatu, lakini shimo likizibwa nahofia ushahidi utapungua nguvu.