Mtaji wangu au mwekezaji? Nauza mtindi Kasarani, naandika mpango wa biashara

Mtindi_Kasarani: Habari wadau. Kuna mwekezaji anataka kunipa milioni 2 kwa asilimia 30 ya hisa. Hadi sasa nimejiendesha kwa pesa yangu. Anataka mpango wa biashara wiki ijayo. Nikubali ama niendelee mwenyewe?

Wa_Hesabu: Hujatupa cha kupima. Unauza kiasi gani, wateja hulipa lini, una deni wapi?

Mtindi_Kasarani: Mauzo laki 3 kwa mwezi, gharama kama asilimia 70. Supamaketi hulipa baada ya siku 60, na sasa wanataka mzigo maradufu. Nina mkopo wa ushirika, laki 2, kwa jina langu.

Binti_Eastleigh: Chukua! Pesa ya hisa haina riba, wala hakuna anayekupigia simu mwisho wa mwezi.

Fundi_Ngara: Riba haina, lakini mkataba usome wote. Karakana yetu ya viatu ilipata milioni 2 kwa hizo hizo asilimia 30. Nyuma kabisa kulikuwa na sharti: biashara ikiuzwa, mwekezaji anarudishiwa pesa yake kwanza, kisha anagawana nasi kinachobaki. Tukauza kwa milioni 3. Akatoa milioni 2 zake, akaongeza laki 3 kutoka ile moja iliyobaki. Sisi waanzilishi wawili tukagawana laki 7. Bado inaniuma.

Mama_Rongai: Samahani, ile pesa ya serikali ya vijana, umri mwisho ni ngapi? Kijana wangu anauza mitumba.

Wa_Hesabu: Mama, huo ni mkopo, mfungulie uzi wake tumsaidie. Mtindi, siku 60 maana yake mzigo wa miezi miwili uko nje kila wakati. Kwa mauzo ya laki 3, gharama zilizolala huko ni 420,000. Ukifika laki 6, utahitaji 420,000 nyingine. Pengo ni hilo, si milioni 2. Kwenye mpango weka jedwali mbili za pesa inayoingia na kutoka kila mwezi: moja ukikua polepole bila yeye, nyingine ukiwa na pesa yake. Zote mbili ziwe na mshahara wako, hata kama hujilipi, maana ile 90,000 inayobaki kila mwezi baada ya gharama ni jasho lako. Na mkopo wa ushirika uandike kama deni. Ukiuita mtaji wako mwenyewe, unamficha mtu ambaye lazima alipwe.

Mtindi_Kasarani: Mshahara sijawahi kuuhesabu. Halafu sikusema, nataka pia mashine ya kuchemshia maziwa, kama milioni moja.

Wa_Hesabu: Hiyo ilifaa kuja kwanza! Mashine ni ya miaka mingi, pengo la siku 60 hujirudia. Usiziweke kwenye kapu moja. Andika kila moja na chanzo chake cha pesa.

Binti_Eastleigh: Na supamaketi ikianguka? Nakumatt iliwekwa chini ya msimamizi 2018, wasambazaji wakabaki na ankara mkononi.

Fundi_Ngara: Ndiyo maana mimi nauzia mashule. Yanachelewa, lakini muhula ukiisha hulipa.

Binti_Eastleigh: Mashule gani hayo? Yangu yananidai subira tangu Januari.