Video ya harusi inachafuka mwanzo na mwisho baada ya kuikata, naombeni ushauri

MpigaVideo_Arua: Ndugu zangu, salaam. Nilirekodi harusi hapa Arua, faili moja ya mp4 ya saa tatu, fremu 25 kwa sekunde. Familia inataka nikahi na hotuba za wazee tu, kuanzia sekunde ya 723.4 hadi 3501. Laptopu yangu ni ya zamani, na kurenda kipande chote kungenikesha. Nikatumia programu inayorenda upya ncha mbili tu na kukopi katikati. Ilimaliza upesi sana, lakini mwanzoni picha ni ya kijivu, imejaa vigae kwa nusu sekunde hivi, halafu inatakata. Mwisho inachafuka tena. Sauti haina tatizo.

Kijana_wa_Jinja: Usirende kabisa. Weka `-c copy`, ubora haupotei.

FundiWaBombo: Ubora haupotei kweli, ila huwezi kukopi kuanzia popote. Fremu nyingi zimebeba mabadiliko tu, zinategemea fremu kamili. Ndugu wa Arua, angalia zako ziko wapi:

```
ffprobe -v error -select_streams v:0 -skip_frame nokey \
  -read_intervals 715%730 \
  -show_entries frame=pts_time -of csv=p=0 harusi.mp4
```

MpigaVideo_Arua: Ziko 722, 724, 726, kila sekunde mbili.

MamaShughuli_Kla: Yangu ina GB 2, WhatsApp inaikataa. Njia hii itaipunguza?

FundiWaBombo: Hapana dada, katikati haiguswi, kwa hiyo uzito wa kila dakika unabaki uleule. Wewe urende yote.

Arua, kutoka 723.4 hadi 724 ni fremu 15. Mwisho, kutoka 3500 hadi 3501, ni 25. Ni hizo 40 tu zilizorendwa, kati ya zaidi ya 69,000, na uchafu wako umekaa hapohapo. Kamera na programu yako haziandiki mipangilio ya picha kwa namna moja, na mp4 kwa kawaida huiweka mahali pamoja kwa faili nzima. Imebaki ya kamera, basi fremu zako 40 zinasomwa kwa maelezo yasiyo yao. Toa faili ya TS, ambayo hurudia maelezo ndani ya video yenyewe. Ikishindikana, kopi kuanzia 722. Utabeba sekunde 1.4 za ziada.

Kijana_wa_Jinja: Lakini mimi nilikopi, na VLC ikaanza palepale nilipotaka!

FundiWaBombo: Mp4 inaweza kubeba agizo la kuficha fremu za mwanzo. VLC yako imelitii. Ijaribu kwenye TV kabla hujamkabidhi mteja.

MpigaVideo_Arua: TS imetakata kwenye laptopu, ncha zote mbili, asante sana mzee. Ila kwenye TV ya baba wa bwana harusi, kwa flashi, inaganda kidogo pale fremu zangu zinapokutana na za kamera.

FundiWaBombo: Huenda TV hiyo haipendi mipangilio ibadilike njiani. Renda ncha kwa profaili na leveli zilezile za kamera, uijaribu tena. Sikuahidi.

MpigaVideo_Arua: Narudi kwake Jumapili na flashi mbili, ya TS na ile ya kuanzia 722.