Hesabu ya mapigo ya maji inaruka ghafla kisha inarudi: naomba ushauri

MwanaUyole: Ndugu zangu, nimefunga kipima mtiririko kwenye bomba la kumwagilia parachichi hapa Uyole, na waya wake wa mapigo umeingia pini ya INT0 ya ATmega328P. Kila pigo huzusha katizo linaloongeza moja kwenye `idadi`, ambayo ni `uint16_t`, na programu kuu huisoma na kuionyesha kwenye skrini. Mara chache naona 764, kisha 1023, kisha 771. Namba nyingine za ajabu nilizoziona ni 511 na 1535. Je, waya wangu unaokota kelele?

MkulimaMafinga: Kipima mvua changu kilikuwa kikihesabu pigo moja mara mbili, kwa sababu swichi ya sumaku hudundadunda inapofunga. Kapasita ndogo ilimaliza tatizo. Weka na wewe.

KijanaIringa: Umetangaza `idadi` kuwa `volatile`? Bila hivyo kompaila huweza kushikilia nakala ya zamani kwenye rejista.

MwanaUyole: Nimeitangaza hivyo tangu mwanzo.

FundiBodi: Kelele ingeongeza hesabu, nayo isingerudi chini. Ya kwako inarudi, maana yake namba iliyo kwenye kumbukumbu ni sahihi na kosa liko katika kuisoma. Prosesa hii hushika baiti moja kwa wakati, kwa hiyo kusoma `idadi` ni amri mbili za `lds`: baiti ya chini, halafu ya juu. Katizo haliikati amri katikati, bali husubiri iishe, na ndiyo sababu linaweza kuingia baina ya hizo mbili. Chukua 767, yaani 0x02FF. Programu inachota FF. Pigo linakuja, anwani ya kurejea inawekwa kwenye rafu, `idadi` inakuwa 0x0300. Programu ikirudi inachota 03. Ukiziunganisha unapata 0x03FF, yaani 1023. Namba zako zote tatu zinaishia na FF. `volatile` ni ya lazima, lakini haizuii jambo hili. Soma hivi:

```c
uint8_t s = SREG;
cli();
uint16_t n = idadi;
SREG = s;
```

SREG nayo ina anwani yake, 0x5F, hivyo huhifadhiwa na kurudishwa kama baiti yoyote.

MwanaUyole: Pigo likija wakati makatizo yamefungwa, halitapotea?

FundiBodi: Halipotei. Biti ya INTF0 kwenye EIFR husimama, na katizo huhudumiwa mara tu unapofungua. Biti hiyo hukumbuka pigo moja tu. Mawili yakija kabla ya kufungua, moja limekwenda. Kwa kufunga kufupi namna hii, kipima maji hakiwezi kukufikisha huko.

KijanaIringa: Mimi ningehamishia mapigo Timer1 kupitia pini ya T1 nisihitaji katizo. Ukisoma TCNT1L, baiti ya juu huhifadhiwa papo hapo kwenye rejista ya muda, TEMP, hivyo baiti mbili hazitengani.

FundiBodi: Ni kweli, ila rejista hiyo ya muda hutumiwa pia na rejista nyingine za Timer1 zenye biti 16. Katizo lolote likizigusa katikati, kosa linarudi.

MwanaUyole: Pini ya T1 ni PD5, nami nimeshaitumia kwa rilei ya vali. Nitaanza na `cli()`, nikiangalia kama 511 itajitokeza tena.