Tupeane uzoefu: I ya nusu duara kwenye mhimili wa sentroidi, wewe ilikukamatia wapi?

Mkata Boriti
Wakuu habari za jioni. Nafundisha tuisheni vijana wa diploma ya ujenzi, na kila muhula hili swali linarudi: nusu duara yenye radiasi R, tafuta I, yaani kipimo cha jinsi umbo linavyokataa kupinda, kwenye mhimili wa mlalo unaopita sentroidi yake. Cha ajabu kila kijana anakwama sehemu yake, hakuna wawili wanaofanana, ndio maana nimeona tupeane uzoefu humu.

Mimi nawafundisha hivi. Anzia kwenye kipenyo, yaani ule upande bapa, kwa sababu hapo integresheni haina vurugu. Kata vipande vya mlalo, kipande kilichoko kimo y kina upana 2√(R²−y²), zidisha na y², integreti kuanzia 0 mpaka R. Ukiweka y = R sinθ inabaki 2R⁴ ∫ sin²θ cos²θ dθ kuanzia 0 hadi π/2, ile integro ni π/16, jibu πR⁴/8. Kujihakiki ni rahisi, duara zima ni πR⁴/4 na kipenyo kinaligawa sawasawa, kwa hiyo nusu lazima iwe nusu yake. Mpaka hapo darasa zima liko na mimi.

Halafu sentroidi: vipande vilevile ila zidisha na y badala ya y², unapata 2R³/3, gawa kwa eneo πR²/2, inakuja 4R/(3π). Sasa kuhamisha. Unatoka kwenye kipenyo unaenda sentroidi, kwa hiyo UNATOA Ad², eneo mara mraba wa umbali kati yao:

I = πR⁴/8 − (πR²/2)(4R/3π)² = R⁴(π/8 − 8/(9π)) ≈ 0.1098R⁴

Basi, semeni yenu.

binti_wa_ngazi
Mimi ilikuwa desimali. Testi ya mwaka wa kwanza nilifanya kila kitu kama ulivyoandika ila sentroidi nikaikadiria 0.42R nikasonga mbele, nikapata 0.1156R⁴, lekcha akakata maksi nusu nzima, nikaenda kulalamika ofisini kwamba nimekosea desimali ya tatu tu jamani. Akaniambia kaa chini upige tena. Kumbe pale unatoa 0.2829 kwenye 0.3927, namba mbili kubwa zinabakisha ndogo, kosa la asilimia 1 kwenye umbali linatoka mlangoni likiwa asilimia 5. Kuna mwenzangu aliweka 0.4R akapata 0.141, huyo alizidisha kwa karibu asilimia 30 na kwa macho jibu lake lilikuwa limetulia kabisa. Tangu hapo π naibeba hivyohivyo mpaka mstari wa mwisho ndio naigusa kalkuleta.

Kobe Mpole
Wakuu mbona mnazunguka, fomula ya kuhamisha ni kujumlisha Ad² siku zote, iko hivyo kwenye kila kitabu. Huyo anayetoa katoa wapi?

Mkata Boriti
Kobe uko sahihi nusu. Unajumlisha ukiwa unatoka sentroidi kwenda kwingine. Sentroidi ndipo I ilipo ndogo kuliko kwenye mhimili wowote unaoenda sambamba nayo, kwa hiyo ukirudi kwake namba lazima ipungue. Mtu akipata I ya sentroidi kubwa kuliko πR⁴/8, yaani zaidi ya 0.393R⁴, asitafute kosa kwingine, amejumlisha.

Kobe Mpole
Sawa nimekuelewa hapo. Lakini kutoka kipenyo kwenda kileleni juu ya nusu duara si najumlisha? Umbali ni R, basi πR⁴/8 + (πR²/2)R² = 5πR⁴/8.

Mama Truss
Hapana kaka, na hapo ndipo nilipoona watu wazima wanaanguka, sio wanafunzi. Kipenyo sio sentroidi. Fomula haijui kuruka kutoka mhimili wa kawaida kwenda mwingine wa kawaida, lazima upitie nyumbani kwanza. Shuka sentroidi upate 0.1098R⁴, ndipo upande kilele kwa umbali R − 0.4244R, yaani 0.5756R. Inatoka kama 0.63R⁴. Wewe umepata 1.96R⁴, zaidi ya mara tatu. Kwenye mstatili kosa hili halijifichi kwa sababu sentroidi iko katikati kila mtu anaiona, ila kwenye nusu duara ule upande bapa unavutia, mtu anaukalia kama ndio nyumbani.

Kosa langu pendwa la wanafunzi lakini ni lingine, wanaokata vipande vya wima. Kipande cha wima kimesimama juu ya kipenyo, kwa hiyo mchango wake ni kimo mchemraba gawa kwa 3. Wanasahau ile 3, wanaintegreti kimo mchemraba peke yake, wanapata 3πR⁴/8. Ukiona jibu ni mara tatu kamili ya linalotakiwa, ujue ni hiyo.

Lushois
Sisi huku Lubumbashi tulifundishwa kwa Kifaransa hiyo ya kuhamisha wanaiita ya Huygens, nilipokuja kusoma na Wakenya wakaniambia mhimili sambamba nikadhani ni kitu kingine kabisa, nikakaa nimenyamaza darasani. Mjerumani mmoja kazini yeye anasema ya Steiner. Ni ileile.

Gia Namba Tano
Mimi naona mmesahau uzito. Nilitengeneza gurudumu zito la mashine ya kukoboa, nusu yake ikapasuka, nikataka kujua hiyo nusu inazunguka vipi, sasa hapa hamjaweka kilo popote. Chuma na mbao zitakuwaje sawa?

Mama Truss
Gia hiyo yako ni ya kuzunguka, ina kilo ndani. Hii ya kwetu ni ya umbo tu, ya boriti kupinda, mbao na chuma zinapata I moja, tofauti yao inaingia baadaye kwenye E, ugumu wa malighafi yenyewe. Kuhamisha kunafanana, unaweka kilo mahali pa eneo. Ila fungua uzi wako mkuu, gurudumu lililopasuka lina mambo yake.

Fundi Mkaratusi
Habarini. Mimi sijasoma hizo integro ila uzi umenigusa. Nina kidaraja cha miguu cha kuvuka mfereji, kulikuwa na gogo moja la mkaratusi kipenyo sm 20, watu wanateleza. Mteja anataka nilipasue katikati nilaze nusu mbili pembeni kwa pembeni, bapa juu, wapate pa kukanyaga. Mbao ni ileile haijapungua, si itabeba vilevile?

Mama Truss
Fundi asante, hili ndilo swali lenyewe. Radiasi ni mm 100. Gogo zima I yake ni milioni 78.5 za mm⁴. Nusu moja kwenye sentroidi yake ni 0.1098 × 100⁴, karibu milioni 11. Nusu mbili, milioni 22. Umebaki na asilimia 28 ya ugumu, maana yake kwa mzigo uleule kidaraja kitashuka katikati mara 3 na nusu hivi ya zamani. Kilichopotea ni ile 8/(9π) tunayoitoa. Zikiwa gogo moja, nusu ya juu na ya chini zinapinda kwa mhimili mmoja wa kati, ukizipasua kila moja inapinda kwa sentroidi yake.

Kuvunjika ni hesabu nyingine. Kwenye nusu gogo, kutoka sentroidi hadi bapa ni mm 42.4, hadi mgongo wa duara ni mm 57.6, kwa hiyo mgongo ndio unaumia zaidi. Ukigawa, nusu mbili pamoja zinabeba kidogo chini ya nusu ya gogo zima kabla ya kufikia mkazo uleule.

Fundi Mkaratusi
Duh. Na nikilaza bapa chini mgongo juu?

Mama Truss
I ni ileile, kushuka ni kulekule. Kinachobadilika ni nani anavutwa na nani anabanwa. Bapa juu, mgongo uko chini unavutwa kwa mkazo mkubwa. Bapa chini, mgongo unabanwa.

Gia Namba Tano
Basi bapa chini, mbao inavutika vibaya.

Mkata Boriti
Sio rahisi hivyo Gia. Mbao safi isiyo na vifundo inahimili kuvutwa kuliko kubanwa. Kifundo kikiwa upande unaovutwa ndio stori inageuka. Fundi angalia mgongo wa hilo gogo una vifundo wapi, mimi nisingeamua nikiwa mbali.

binti_wa_ngazi
Na akiisimamisha kwa ukingo? Bapa iwe wima. Mhimili wa mlalo hapo unapita katikati ya nusu duara, unaikata juu na chini sawasawa, ni sentroidi tayari, hakuna cha kutoa. πR⁴/8 yote inabaki, milioni 39 kila moja, mbili ni gogo zima bila hasara.

Mama Truss
Safi sana dada. Ila moja peke yake itataka kubingirika, lazima azifunge bapa kwa bapa, au aziwekee vizuizi pembeni.

Kijana wa Mifereji
Samahani naingilia, mimi nina bomba lililopasuliwa nusu, nje R 50 ndani 47, mm. Nilichukua 0.1098 × (50⁴ − 47⁴) nikapata kama 150,400. Tajiri kasema sio.

Mkata Boriti
Tajiri yuko sawa. Kutoa nusu duara ndogo kwenye kubwa ni halali pale tu zote mbili zimepimwa kwenye mhimili mmoja. Kwenye kipenyo ziko pamoja, toa: π/8 × (50⁴ − 47⁴), karibu 538,100. Kwenye sentroidi kila moja ina ya kwake, huwezi kuzichanganya. Tafuta sentroidi ya bomba lenyewe, 4(50³ − 47³) gawa kwa 3π(50² − 47²), inakuja mm 30.9. Eneo ni 457. Toa Ad² inabaki kama 102,000. Yako ilikuwa imezidi kwa karibu nusu.

Kijana wa Mifereji
Aisee. Ndio maana mfereji unalegea katikati. Naongeza vishikizo.

Fundi Mkaratusi
Nimezungumza na mteja. Nasimamisha kwa ukingo, nazifunga bapa kwa bapa kwa bolti, juu napigilia mbao za inchi moja za kukanyagia. Ananiuliza sasa kwa nini tulipasue gogo kabisa, si tupigilie mbao juu ya zima?

binti_wa_ngazi
😂 Hapo mteja kakushinda fundi.