Nina moyo dhaifu, nataka kuacha sigara kwa plasta za nikotini. Nimwambie nini daktari?

Mpigakasia
Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri, hasa kwa waliowahi kupitia hili au wanaofanya kazi hospitali.

Nina miaka 54, nakaa Tanga. Mwezi wa tatu nilianza kukosa pumzi nikipanda ngazi, na jioni miguu ilikuwa inavimba mpaka soksi zinaacha mfereji. Nikapimwa eko, ile picha ya moyo, karatasi ikaandika EF 35%, yaani kila pigo moyo unasukuma nje asilimia 35 tu ya damu iliyomo. Daktari akasema moyo umepanuka na hausukumi damu inavyotakiwa. Nikapewa dawa ya kupunguza maji mwilini, ya kutuliza mapigo na ya presha. Namshukuru Mungu uvimbe umeisha.

Sigara navuta 15 kwa siku, mwaka wa 30 sasa. Ya kwanza naiwasha kabla hata sijanawa uso. Nimejaribu kukata ghafla mara mbili. Mara ya mwisho nilifika siku ya nne, usingizi hakuna, mikono inatetemeka, nikamgombeza mke wangu kwa sababu ya mchuzi usio na chumvi, na chumvi yenyewe nimekatazwa mimi. Siku ya tano nikaenda dukani kununua.

Shemeji yangu amerudi safari, kaniletea boksi la plasta za nikotini za 21 mg. Nikapita duka la dawa kuuliza, kijana wa pale akasema mgonjwa wa moyo haruhusiwi kabisa, nikibandika moyo unaweza kusimama. Nimerudi nyumbani nikasoma karatasi ya ndani ya boksi. Imeandika mwenye maradhi ya moyo azungumze na daktari kwanza. Haijasema haruhusiwi.

Kliniki yangu ni Jumatano. Foleni ni ndefu, nakaa na daktari dakika tano tu. Niseme nini? Na kuna jambo linanisumbua: siku ya kwanza aliponiuliza nilimwambia sigara nimeshaacha.

Jembe_la_Kale
Pole sana mkuu. Ila huyo kijana yuko sahihi. Nikotini inabana mishipa ya damu na kupandisha mapigo, hilo halina ubishi. Sasa moyo umechoka halafu unaupa nikotini saa 24? Hiyo ni sigara ya kubandika tu. Mimi niliacha siku moja, nikaitupa pakiti baharini, mpaka leo mwaka wa saba. Ni kuamua.

Nesi_wa_Zamu
Mpigakasia, shikamoo. Nimefanya kazi wodi ya wagonjwa wa moyo miaka mingi, na swali lako nimelisikia kila wiki.

Jembe anasema kweli kwamba nikotini inapandisha mapigo kidogo na kubana mishipa. Lakini kaka yangu, wewe hiyo nikotini unayo tayari mwilini, miaka 30. Plasta hailetwi juu ya sigara, inachukua nafasi yake. Tuhesabu pamoja. Sigara moja inakuingizia kwenye damu takriban 1 mg ya nikotini, kwa hiyo 15 zako ni kama 15 mg kwa siku. Plasta ya 21 mg inaonekana kubwa kuliko hapo, lakini inapenya kwenye ngozi kidogo kidogo mchana na usiku, na kiwango kinachokuwa kwenye damu kwa kawaida huwa chini ya kile cha mvutaji. Sigara inafikisha nikotini kichwani ndani ya sekunde chache tu, kwa kishindo, mara 15 kwa siku. Moyo wako unashtuliwa mara 15. Plasta inachukua saa kadhaa kufika kileleni, na haina kishindo.

Lakini kinachouumiza zaidi moyo ni moshi wenyewe. Ndani ya moshi kuna kaboni monoksaidi, ileile inayoua watu wanaolala na jiko la mkaa chumbani. Inakaa kwenye kiti cha oksijeni ndani ya damu. Wewe moyo wako unasukuma damu kidogo kuliko mtu mzima wa afya, halafu hiyo kidogo inafika ikiwa na oksijeni pungufu. Moshi pia unaifanya damu igande kwa urahisi. Kwenye plasta hakuna hata kimoja kati ya hivyo.

Hofu ya yule kijana ina historia. Mwaka 1992 kule Marekani zilivuma habari za watu waliopata shambulio la moyo wakiwa wamebandika plasta huku wanaendelea kuvuta. Watu wakaogopa, na woga huo haujaisha. Kisha mwaka 1996 ukatoka utafiti uliofanyika kwenye hospitali za wanajeshi wastaafu hukohuko Marekani, wagonjwa 584 wenye maradhi ya moyo, nusu plasta ya kweli, nusu plasta isiyo na dawa. Waliobandika nikotini hawakupata matatizo ya moyo zaidi ya wenzao. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani likaziweka plasta na ubani wa nikotini kwenye orodha ya dawa muhimu.

Wapo ambao hawatakiwi kujibandikia nyumbani. Aliyepata shambulio la moyo ndani ya wiki mbili zilizopita, mwenye maumivu ya kifua yanayozidi au yanayokuja akiwa amekaa tu, na mwenye mapigo yanayovurugika mpaka anazimia. Hao daktari ndiye anayepima, mara nyingi wakiwa wodini. Na tafiti nyingi zilifanywa kwa wagonjwa waliotulia, si kwa aliyelazwa jana akihema kwa shida. Ndiyo maana nakwambia ngoja Jumatano, usibandike leo.

Mama_Chausiku
Samahani kuingilia. Mama yangu ana presha na moyo, havuti sigara ila anatumia ugoro. Naye anaweza kubandika?

Nesi_wa_Zamu
Dada, ugoro una nikotini nyingi ila hauna moshi, kwa hiyo hesabu yake si hii. Mwambie tu daktari wake ukweli kwamba anautumia, wengi wanaficha kwa sababu hawauhesabu kama tumbaku. Fungua uzi wake, nitakuja.

Kijana_wa_Kisauni
Mzee, achana na plasta. Huku Mombasa kuna vile vifuko vya nikotini vya kuweka chini ya mdomo, rahisi na havina moshi. Ni kitu kimoja.

Mfamasia_Mwanza
Kijana, si kitu kimoja. Vifuko hivyo havikutengenezwa kama tiba, havina ratiba ya kushuka, na vingine vina nikotini nyingi inayoingia haraka kuliko plasta. Mtu anaacha sigara anabaki na kifuko miaka. Kwa EF 35% nisingejaribu.

Mpigakasia, mimi natofautiana kidogo na Nesi kuhusu kipimo. Ningependelea mwenye moyo dhaifu aanze na 14 mg, aangaliwe, ndipo apande.

Nesi_wa_Zamu
Naelewa, Mfamasia, na wapo madaktari wanaofanya hivyo. Nilichokiona wodini ni kwamba anayepewa kipimo kidogo anarudi kwenye sigara siku ya tatu, tena anavuta akiwa amebandika. Kawaida anayevuta zaidi ya 10 kwa siku huanza na 21 kwa wiki sita, kisha 14 wiki mbili, kisha 7 wiki mbili. Daktari aamue, yeye ana karatasi za eko.

Sasa kuhusu dakika tano zako. Andika kwenye karatasi, uingie nayo mkononi, na uanze na lile gumu. Sema hivi: "Daktari, siku ya kwanza nilikwambia nimeacha sigara, haikuwa kweli. Navuta 15 kwa siku, ya kwanza ndani ya dakika kumi za kuamka. Nimeshindwa kukata ghafla mara mbili. Nina plasta hizi, nataka kuanza." Mpe boksi alishike. Hatakugombeza, na akikugombeza utakuwa umeshasema.

Halafu mwambie kama kifua kimekuuma mwezi huu, kama umewahi kuzimia au kuhisi moyo unaruka, na kama kuna kifaa chochote umewekewa kifuani. Mwonyeshe dawa zote, pamoja na za miti shamba. Kama unatumia wafarini ya kuzuia damu kuganda, hilo ni lazima. Moshi wa sigara unalifanya ini likimbize baadhi ya dawa kutoka mwilini haraka. Ukiacha moshi, ini linapunguza kasi na dawa inaweza kuzidi kwenye damu hata kama kidonge ni kilekile. Plasta haizuii hilo kwa sababu ni kazi ya moshi, si ya nikotini. Atakupangia kipimo cha damu mapema.

Jembe_la_Kale
Nimesoma. Hilo la jiko la mkaa sikuwahi kulifikiria. Bado naamini kuamua ni muhimu, lakini basi na abandike.

Mpigakasia
Wakuu, narudi baada ya wiki mbili na nusu. Nilisema kama Nesi alivyoandika, nilisoma kwenye karatasi kabisa. Daktari alinyamaza kidogo, akasema ni afadhali amejua, maana alikuwa anataka kuniongezea dawa. Akapima umeme wa moyo, akakubali 21 mg. Wafarini situmii.

Nabandika kwenye mkono wa juu, kesho yake mkono mwingine, kwa sababu pale pa jana pana wekundu na panawasha. Sigara nimevuta mbili tu tangu nianze, zote siku ya pili. Niliogopa, nikataka kuibandua plasta, nikakumbuka uzi huu nikaiacha.

Siku ya sita moyo ulianza kwenda mbio jioni, mikono ikitoka jasho. Nikasema ndiyo ile habari ya yule kijana. Nikampigia nesi wa kliniki, swali lake la kwanza: unakunywa kahawa? Mimi nakaa kijiweni kila jioni, kahawa chungu vikombe sita, saba.

Nesi_wa_Zamu
Ndiyo hiyo! Nilipaswa kukuambia, nisamehe. Ini lile lile linaloshughulikia dawa ndilo linaloondoa kahawa. Ulipokuwa unavuta, vikombe saba vilikuwa vinatoka haraka. Sasa vinakaa, ni kama umekunywa karibu mara mbili. Umepunguza?

Mpigakasia
Nimebaki na viwili na kashata. Mapigo yametulia, na nesi alinitaka nirudi kupimwa umeme wa moyo hata hivyo. Kilikuwa sawa.

Limebaki moja. Nikilala na plasta naota ndoto kali mpaka namwamsha mke wangu. Nikiivua usiku nalala vizuri, ila alfajiri arosto inanikamata palepale pa sigara ya kwanza, na plasta mpya inachelewa kufanya kazi.

Mfamasia_Mwanza
Ivue usiku, na ukiamka tafuna ubani wa nikotini wa 2 mg. Utafune polepole mpaka mdomo uwashe, kisha uubanie shavuni. Usinywe kahawa robo saa kabla yake. Muulize daktari kwanza kuchanganya.

Nesi_wa_Zamu
Mimi ningemwacha alale nayo wiki nyingine, ndoto huwa zinapungua. Kwa mtu wa sigara ya kabla ya kunawa uso, alfajiri ndiyo saa ya hatari.

Mpigakasia
Ubani huo hapa Tanga nimezunguka maduka manne sijaupata. Kama kuna anayejua unapopatikana Dar, naomba aniandikie hapa. Kliniki ni tarehe 19, nitamuuliza yote mawili.